Sauti Haina Pembeni

Roseline Khavere alikuwa na sauti ambayo watu wa mtaa wa Kariobangi, Nairobi, waliijua kabla ya kumjua mwenyewe. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi, na mtoto aliyekaa nyuma kabisa ya darasa akichezea kifuniko cha soda aliisikia sauti hiyo vizuri kuliko alivyotaka. Alipostaafu, wazee wa kanisa hawakumpa nafasi ya kupumzika. Kulikuwa na mradi wa kuitafsiri Biblia upya kwa Kilogooli, lugha ya Wamaragoli, kisha kuirekodi kwa ajili ya akina nyanya wa mitaani. Hao ni wale waliokuja Nairobi wakiwa maharusi, wakafuata waume walioajiriwa na reli na kaunsili ya jiji, wakalea na kuzika humu humu, na kalamu hawakuwahi kushika. Roseline akawa mmoja wa watafsiri, tena akawa ndiye msomaji.

Kazi aliipenda, na maringo kidogo alikuwa nayo. Ni nani asingeringa? Ofisi yao ilikuwa chumba nyuma ya kanisa, ukuta kwa ukuta na mafundi wa kuchomelea mageti, na kila nabii aliyetafsiriwa pale alitafsiriwa kwa kelele za chuma. Kiebrania Roseline alifundishwa kwenye semina za mradi, kiasi cha kutambua herufi na kufuata mstari kwa kidole. Mengine yote walimtegemea mshauri wa tafsiri, Daktari Mulongo, mzee mpole mwenye miwani ya kamba, aliyesomea lugha hiyo ng'ambo na kurudi bila kiburi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mchungaji Seth, mtu wa haki, ila mwoga wa maneno ya watu.

Walifika kitabu cha Zekaria, sura ya kumi na nne, aya ya pili. Ni aya ya vita. Mataifa yatakusanywa kupigana na Yerusalemu, mji utatekwa, nyumba zitaporwa, na wanawake... Hapo Daktari Mulongo akavua miwani.

"Angalieni hapa," akasema, akigeuza kitabu chake cha Kiebrania wote waone. "Juu ya neno hili kuna kiduara kidogo. Mkikiona kiduara hicho, tazameni pembeni mwa ukurasa."

Pembeni palikuwa na neno jingine, na karibu nalo herufi moja iliyosimama peke yake.

"Herufi hiyo ni alama ya kusema: soma hivi. Waandishi wa kale, wale tunaowaita Wamasoreti, walipokea maandiko wakayalinda kama yai. Penye neno lililoandikwa hivi lakini linasomwa vile, hawakufuta kitu. Herufi zilizoandikwa waliziacha ndani ya mstari kama zilivyo, wakazipa irabu za lile neno la kusomwa, na herufi za la kusomwa wakaziweka pembeni. Kwa hiyo jicho linaona moja, mdomo unatamka jingine."

"Na hapa limeandikwa nini?" Roseline akauliza.

Mzee akakohoa. "Limeandikwa neno zito. Neno la kitendo cha mwanamume kwa mwanamke, ambalo wenyewe baadaye waliliona chafu mno kusomwa mbele ya kusanyiko. Linatokea mahali panne katika Agano la Kale, na kote kule pembeni pamewekwa lile jepesi: kulala na mtu. Walimu wao walifundisha kwamba yaliyoandikwa kwa maneno ya aibu, yasomwe kwa adabu."

Mchungaji Seth akashusha pumzi ya mtu aliyenusurika. "Basi Wayahudi wametusaidia. Dada Roseline, neno zito la kwetu unalijua."

Alilijua. Ni neno ambalo hata walevi wa Kilogooli hulitaja baada ya kugeuka nyuma kuona nani anapita.

"Kanisani kwangu," Mchungaji akaendelea, "mama mkwe anakaa benchi la tatu. Mimi na yeye hata mkono hatupeani, tunasalimiana kwa mbali, ndiyo desturi yetu. Sasa spika ilitamke neno hilo, mimi hapa, yeye pale? Nitahama mji!"

Wakacheka wote, na Roseline alicheka kuliko wengine. Ukweli ni kwamba alifurahi. Alikuwa na sababu yake ya kutotaka kuisogelea aya hiyo, na sababu hiyo iliishi mtaa wa Dandora. Wakakubaliana hivi: ndani ya aya waandike kwamba wanaume watalala na wanawake wa mji, na chini ya ukurasa waweke tanbihi ieleze kwamba Kiebrania kilichoandikwa kina neno zito zaidi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Rekodi ya majaribio ilifanywa Dandora, katika studio ya Griffins, kijana wa muziki aliyebandika trei za mayai ukutani ili mwangwi usimsumbue. Asubuhi alirekodi wachana mistari wa rap, mchana manabii, na wote aliwahudumia kwa heshima ile ile. Roseline akaisoma sura nzima bila kujikwaa. Alipofika mwisho akakumbuka jambo.

"Griffins, ile tanbihi utaiweka wapi?"

"Tanbi-nini, auntie?"

"Haya maelezo ya chini ya ukurasa."

Griffins akakuna kichwa. "Zii, auntie. Hiyo ni ya kitabu. Hapa ni sauti tu, inaenda mbele. Sauti haina pembeni. Nikiweka maelezo katikati, shosho anayesikiliza atadhani ni Zekaria bado anaongea."

Jambo dogo, Roseline akajiambia, akavaa sweta yake akaondoka.

Sasa, tafsiri haipiti kwa kupendwa na waliotafsiri. Lazima ipelekwe kwa watu wasioijua, wasikilize, kisha waisimulie kwa maneno yao na kujibu maswali. Kundi la kusikiliza la Dandora lilikuwa la wanawake, na lilikutana katika ukumbi wa kanisa uliopakwa rangi ya samawati nusu ukuta. Mzee wao alikuwa mama mmoja aliyeitwa Nyanya Mitchelle, kwa jina la mjukuu wake wa kwanza, mama mwenye kilemba cheupe na ulimi usio na breki. Na karibu na mlango alikaa Phelister, mdogo wake Roseline, mshona nguo, ambaye kila mara alichagua kiti cha karibu na mlango.

Hapa ni lazima nieleze, maana bila hivyo hutaelewa. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, Phelister alikuwa na kibanda cha kushonea nguo na alikuwa amechumbiwa. Jioni moja alifunga kibanda akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, kwa kuwa magari yalikuwa hayatembei. Alifika siku ya pili yake asubuhi, na hali aliyofika nayo mama yao aliiona peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Mama alipotoka nje aliwaambia majirani, "Alichelewa kurudi, akalala kwa rafiki." Mchumba akaambiwa hivyo hivyo, wala hakurudi kuuliza. Na tangu siku hiyo, ndani ya familia, jambo hilo liliitwa kuchelewa. "Tangu alipochelewa hapendi giza." "Unajua yeye alichelewa." Mama amekufa na neno lake, akawaachia wanawe. Wote walijua kilichoandikwa, na wote walisoma kile kingine.

Sura ikachezwa. Roseline akaisikia sauti yake mwenyewe ikipanda na kushuka, akaona akina mama wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza maswali kama utaratibu unavyotaka.

"Mji huu ulipatwa na nini?"

"Vita," wakasema. "Uliibiwa."

"Na kwa nini mambo hayo yaliupata?"

Nyanya Mitchelle hakungoja zamu. "Si umesoma mwenyewe, mwalimu? Wanawake wa pale walikuwa wanalala na wanaume ovyo. Adui yuko mlangoni, wao wako kitandani na askari! Mungu ataacha kukasirika? Uzinzi ndio ulioumaliza mji ule."

"Ni kweli," wa pili akadakia. "Kama wasichana wa siku hizi."

Wakaangua kicheko. Roseline akainama kuyaandika majibu. Aliposikia kiti kikivutwa alijua ni kipi bila kugeuka. Phelister alikuwa ameshatoka, na mkoba wake wa vitambaa ameusahau chini ya kiti.

Alimfuata. Phelister aliishi ghorofa ya pili katika nyumba ya mawe, vyumba viwili, na upepo ulipogeuka harufu ya jalala ilipanda mpaka kwenye mapazia. Alimkuta amekaa kwenye cherehani, hashoni kitu, mguu tu unakanyaga.

"Umesahau mkoba."

"Weka hapo."

Roseline akaweka. Akakaa kitandani, akaanza kuomba radhi kwa njia ndefu, akieleza Kiebrania, waandishi, kiduara, pembeni. Alieleza kama mwalimu, na mdogo wake akamsikiliza kama mwanafunzi anayengoja kengele.

"Kwa hiyo kuna neno lenyewe," Phelister akasema mwishowe, "na mlilijua."

"Tulilijua."

"Mkaweka la mama."

Neno hilo lilimchoma Roseline kweli kweli, kwa sababu hakuwa ameliona hivyo hata mara moja, na mtu yeyote mwenye macho angeliona.

"Sasa nisikilize, Rose. Wale wanawake hawakufanya kitu. Walifanyiwa. Na mimi nimekaa pale nasikia sauti ya dada yangu ikisema ni mambo ya kulala, na Nyanya Mitchelle ananicheka bila kujua ananicheka. Miaka yote hii nimemsamehe mama. Alikuwa anatafuta nisikose mume, na mume nikamkosa vile vile. Lakini wewe ulikuwa na nafasi ya kuchagua!"

"Nitaenda waweke neno zito. Nitalitamka mimi mwenyewe."

"Usithubutu!" Mguu ukasimama. "Uliseme neno hilo kwa spika na mimi niko kwenye benchi? Wote watageuka kuangalia ni nani ameinamisha kichwa. Silitaki hilo. Na hili lingine silitaki pia."

"Basi nifanye nini?"

"Wewe ndiye mtafsiri," Phelister akasema, akaanza kukanyaga tena.

Roseline alirudi nyumbani na maumivu ya kichwa. Siku zilizofuata hakula vizuri. Aliyafungua maandishi ya Zekaria akayafunga, na kila fundi wa jirani alipowasha mashine yake alitamani aende akamnyang'anye. Alimkasirikia Mchungaji, akawakasirikia Wamasoreti waliokufa zamani, na hasira ilipokosa pa kwenda alijikasirikia mwenyewe, ambaye ndiye aliyestahili. Penye wazee haliharibiki neno, watu husema. Hili liliharibika wazee wakiwa wamekaa mezani wanacheka, na yeye akiwa katikati yao.

Kamati ilipokutana, alitoa majibu ya kundi la Dandora. Hakumtaja Phelister. Alisoma tu walivyosema akina mama, kwamba mji uliangamia kwa uzinzi wa wanawake wake.

Mchungaji Seth akakunja uso. "Hao hawakuelewa. Tuwafundishe."

"Mchungaji, rekodi haiji na mwalimu," Roseline akasema. "Kwenye kitabu msomaji anaona aya, anashuka chini anaona tanbihi, anajua kuna zito limesitiriwa. Yule Myahudi naye anasoma la pembeni huku lililoandikwa liko mbele ya macho yake. Nyanya wa Dandora ana nini mbele ya macho? Tumempa la kusomwa peke yake, akadhani ndilo lote."

"Kwa hiyo unataka tutukane kanisani."

"Sitaki."

Mchungaji akamgeukia mshauri. Daktari Mulongo alikuwa amevua miwani muda mrefu, akiifuta pasipo na vumbi.

"Kosa ni langu kwanza," akasema polepole. "Niliwaambia juu ya maneno mawili, nikawaacha mchague kama nguo sokoni. Sikuwauliza aya inasema nini. Lile la kuandikwa ni neno chafu. Si lazima ndani yake peke yake liwe na maana ya nguvu. Na lile la kusomwa ni jepesi, lakini halikuwekwa ili kuwatakasa askari. Liliwekwa kwa ajili ya masikio ya wasikilizaji. Na hata hilo, kwa Kiebrania, wanawake wanatendwa, hawatendi. Ukatili uko katika aya yenyewe: mji umetekwa, nyumba zimeporwa, na wanawake wametendwa katika uporaji ule ule. Asikiaye kwa Kiebrania, kwa neno lolote kati ya hayo mawili, hawezi kudhani ni uzinzi. Kwa Kilogooli chetu amedhani. Basi tumekosea, hata kama tumefuata pembeni."

"Kushikwa kwa nguvu," Roseline akasema.

Wakamtazama. Kilogooli kina namna yake ya kusema hivyo, namna isiyo ya matusi. Mama anaweza kuitumia mbele ya chifu, na mkwe akaisikia bila kuhitaji kuhama mji. Roseline aliitamka kwa Kilogooli, mara moja, bila kuinua sauti.

"Watoto watauliza maana yake," Mchungaji Seth akasema.

"Wakiuliza, waambiwe."

"Na mama mkwe?"

"Mama mkwe wako ameishi mtaa wa Huruma tangu enzi za reli, Mchungaji. Anajua."

Walikubaliana, si kwa furaha. Ndani ya aya, wanawake watashikwa kwa nguvu. Chini ya ukurasa, tanbihi itataja yote mawili, lililoandikwa na la kusomwa. Mchungaji alitia sharti: warudi kwa kundi lile lile la Dandora, na likikwazika, neno litolewe. Roseline akasema sawa. Alijua kwamba akishindwa, lile la kulala litarudi, na halitatoka tena maishani mwake.

Griffins akarekodi upya aya hiyo, akairudia mara kadhaa kwa sababu ya grainda ya fundi wa chuma aliyekuwa nje. "Auntie, leo sauti yako inatetemeka," akasema. "Tuiache hivyo? Iko poa." Roseline akamwambia hapana, turudie.

Siku ya kusikiliza Phelister alikuja. Roseline hakuwa amemwomba. Alikaa karibu na mlango na mkoba mapajani, na hakumtazama dada yake.

Sura ikachezwa. Ilipofika aya ya pili, safari hii hakuna aliyetikisa kichwa. Sauti ikaendelea: nusu ya mji watakwenda uhamishoni, lakini watu waliosalia hawatakatiliwa mbali na mji. Roseline akabonyeza kitufe kuisimamisha.

"Mji huu," akauliza, "ulipatwa na nini?"

Nyanya Mitchelle alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Ulivamiwa," akasema. Hakuwa na sauti yake ya siku zote. "Wanawake wakaonewa. Mwalimu, mara ile hukusoma hivi."

"Sikusoma hivi, mama. Tulikosea."

"Mimi nikawaita wazinzi." Akawageukia wenzake. "Si niliwaita hivyo? Mbele yenu nyote." "Kama mwaka ule," mmoja akasema chini chini, na wengine wakatazama sakafu. Roseline akaona kwamba kundi zima lilikuwa na mwaka ule, kila mmoja na wake, na kwamba hajawahi kumuuliza hata mmoja wao.

Utaratibu unataka mmoja asimulie aya kwa maneno yake. Roseline aliuliza nani atasimulia, akijua hakuna atakayejitokeza. Phelister akasimama. Akasimulia kwa ufupi, macho yakiwa dirishani: mji ukatekwa, nyumba zikaporwa, wanawake wakashikwa kwa nguvu, wengine wakachukuliwa, waliobaki wakabaki. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipokaa, machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Nyanya Mitchelle akainuka, akavuka ukumbi kwa shida ya magoti yake, akaketi kando yake.

"Mwanangu, na wewe?"

Phelister akajibu kama alivyofundishwa, lile neno likitoka lenyewe. "Mwaka ule nilichelewa kurudi nyumbani."

Nyanya Mitchelle akamshika mkono.

"Hukuchelewa, mama," akasema. "Ulishikwa kwa nguvu."

"Ndiyo," Phelister akasema.